Boksi la "Cat6" na HDMI ya "8K": kusoma maandishi, kichwa na ncha ya waya

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimenunua Kariakoo boksi la waya wa netiweki, limeandikwa Cat6 23AWG mita 305, bei karibu nusu ya maboksi mengine. Kamera ya getini, kama mita 40 kutoka stoo, inakula umeme wa adapta ya volti 12 kupitia waya huohuo kwa spilita. Mchana inaonyesha vizuri, usiku inazima na kuwaka. Fundi ameunganisha ncha mbili za jozi ya bluu kule getini, akapima stoo, akapata omu 17. Nakutumia picha za maandishi, kichwa na ncha niliyokata. Nimependa ule msalaba wa plastiki katikati ya waya, unaonekana wa kazi nzuri. Kuna na HDMI ya mita 15 ya "8K" ambayo inakataa hata 4K. Nimepigwa?

Jibu: Umepigwa, ndugu yangu, na kilichoniambia hivyo kabla ya picha ni hiyo 17 ya fundi wako. Mshukuru, kwa sababu wengi wangeishia kubadilisha kamera.

Ncha mbili za jozi zikiunganishwa kule getini, umeme wa mita ya fundi unaenda mita 40 kwa waya mmoja na kurudi 40 kwa wa pili, kwa hiyo umepima mita 80 za waya. Waya wa 23AWG una unene wa milimita 0.57, na ukiwa shaba tupu, mita 80 zake zina ukinzani wa omu 5.3 katika nyuzi joto 20. Chini ya mabati ya Dar joto linapanda, na ukinzani unapanda nalo, basi tuseme 5.6 au hata 6. Hata kama ungekuwa 24AWG, ambao una milimita 0.51 na ndio unaozoeleka kwenye Cat5e, ungepata 7 hivi. Wewe una 17. Toa hata sehemu tatu za kumi za omu kwa ajili ya nyaya za kipimo chenyewe, bado uko mara tatu ya ulichoandikiwa.

Kabla hatujaulaumu waya, mwambie fundi apime na jozi tatu zilizobaki kwa njia ileile. Zikisoma zote kati ya 16 na 18, tatizo ni waya wenyewe. Ikiwa ya bluu inasoma 17 na nyingine zinasoma 6, umeonewa na kiungo kibaya au kichwa kilichobanwa vibaya, na boksi halina kosa. Tofauti ndogo kati ya jozi na jozi ni ya kawaida, maana kila jozi imesokotwa kwa kasi yake na iliyosokotwa zaidi imekula waya mrefu kidogo.

Mimi nategemea zitafanana, na sababu ni hii. Waya wa bei hiyo karibu kila mara ni alumini iliyovikwa ngozi ya shaba, ile ambayo wauzaji waungwana huiandika CCA kwenye ganda na wengine huinyamazia. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba ya unene uleule. Lakini CCA yenye unene wa 24AWG ingekupa 10 au 11 kwa mita hizo 80. Ili kufika 17 lazima waya uwe pia mwembamba, wa 26AWG hivi, yaani milimita 0.4. Kwa hiyo boksi lako limedanganya mara mbili, kwenye madini na kwenye unene.

Sasa usiku na mchana. Spilita yako inapeleka umeme kwa jozi nzima na kuurudisha kwa jozi nyingine, nyaya mbili mbili kwa pamoja, kwa hiyo ukinzani unaoiumiza kamera ni nusu ya ulichopima, yaani 8.5. Kamera ndogo ya aina hiyo mchana inakula kama wati 3. Ukipiga hesabu kwa volti 12 na omu 8.5, inavuta ampea 0.32 na kule getini zinafika volti 9.2. Inavumilia. Usiku taa za infraredi zikiwaka, inataka kama wati 6. Umeme mwingi kabisa ambao adapta ya volti 12 inaweza kuupitisha kwenye omu 8.5 ni 12 × 12 ÷ (4 × 8.5), yaani wati 4.2. Wati 6 hazipo. Kamera inajaribu kuvuta zaidi, volti zinaporomoka, inazima. Ikizima mzigo unaondoka, volti zinarudi 12, inawaka upya, inawasha taa, inaanguka tena. Ungekuwa na shaba ya 23AWG kweli, wati hizohizo 6 zingefika na volti 10.4 na usingeniandikia.

Twende kwenye picha. Ya ncha iliyokatwa ndiyo iliyokutia moyo, kwa sababu uso wote unaonekana mwekundu. Lakini angalia umbo la ncha yenyewe: imebanwa pande mbili na kuchongoka kama paa la nyumba. Hiyo ni kazi ya plaizi. Meno ya plaizi yanabana kabla ya kukata, na ngozi laini ya shaba inaburutwa juu ya alumini mpaka inaifunika kama siagi juu ya mkate. Picha ya namna hiyo haithibitishi kitu, iwe kwa kumsafisha muuzaji au kumtia hatiani.

Fanya hivi. Menya sentimita 2 za waya mmoja, uulaze juu ya kigae, uukate kwa wembe mpya kwa kuuviringisha chini ya wembe badala ya kuukandamiza. Kisha isugue ile ncha mara tano sita, kwa upole, kwenye msasa laini wa namba 400 au zaidi. Pembeni yake weka kipande cha waya wa shaba wa umeme wa nyumba, ule wa milimita za mraba 1.5, ukiwa umesuguliwa vivyo hivyo. Viweke vyote juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, bila flashi, halafu piga picha moja inayovichukua pamoja. Simu hujirekebishia rangi yenyewe na inaweza kuifanya alumini ionekane ya dhahabu jioni chini ya balbu. Shaba unayoijua ikiwemo kwenye picha hiyohiyo, haiwezi kukudanganya. CCA itaonyesha duara jeupe lenye ukingo mwembamba mwekundu. Shaba ni nyekundu mpaka katikati.

Ukiona ncha ngumu kuipiga picha, kwaruza ubavu wa waya kwa kisu mara kadhaa mahali pamoja. Weupe ukitokea chini ya wekundu, kesi imekwisha. Njia ya moto nayo inasaidia: shikilia waya mtupu kwenye kiberiti cha gesi kwa sekunde kumi hivi. Alumini inalegea, inainama na kuvunjika, kwa kuwa inayeyuka kwenye nyuzi 660. Shaba, ambayo inahitaji nyuzi 1085, inaishia kuwa nyekundu na kupata masizi. Fanya nje, na plastiki iwe imetolewa kwanza. Sumaku, ambayo mafundi wengi huitoa mfukoni kwa mbwembwe, hapa haina kazi. Itanasa waya wa chuma uliovikwa shaba, lakini alumini na shaba zote haziihisi.

Unene nao unaupima bila kifaa cha duka la vipimo. Menya waya mmoja sentimita 30, uuzungushe mara 20 kwenye msumari mwembamba, mizunguko ikiwa imegusana bila nafasi, kisha weka rula. Mizunguko 20 ya 23AWG inachukua milimita 11.5, ya 24AWG milimita 10, na ya 26AWG milimita 8. Wako nautarajia kwenye 8.

Maandishi ya ganda lako yanasomeka `CAT6 UTP 4PR 23AWG TIA/EIA-568-B.2 HIGH SPEED 305M`, na baada ya hapo namba za mita. Watu husoma neno la kwanza na kuridhika. Mimi natazama kiwango kilichotajwa. TIA/EIA-568-B.2 ni waraka wa mwaka 2001 na kebo yake ya juu ni Cat5e. Cat6 iliingia mwaka 2002 kwa nyongeza iliyoitwa 568-B.2-1, kisha ikahamia kwenye 568-C.2 mwaka 2009 na 568.2-D mwaka 2018. Aliyechapa ganda lako amenakili ganda la mwenzake bila kujua alichonakili. Kwa haki yake, nimeona hata viwanda vya kweli vikikatisha jina la kiwango, kwa hiyo kosa hilo peke yake lisimtie mtu hatiani. Kinachonitia shaka zaidi ni vitu ambavyo havipo: hakuna jina la kiwanda, hakuna daraja la usalama wa moto kama CM au CMR, hakuna alama ya maabara kama UL au ETL ikiwa na namba ya kuitafutia. Daraja la CM lina maana kwako kwa sababu masharti yake yanataka shaba. CCA iliyoandikwa CM imesema uongo papo hapo. Na usihangaike na "HIGH SPEED", hilo ni neno la mapambo.

Namba za mita ndizo zinazosahaulika, nazo zina faida mbili. Soma namba ya ncha ya nje na ya ndani ya boksi, toa ndogo kwenye kubwa, ujue kama mita 305 zipo kweli. Halafu weka futikamba kati ya alama moja na inayofuata. "Mita" ya sentimita 94 si jambo la ajabu sokoni, na kwa boksi zima umeibiwa mita 18.

Kuna jambo moja umelisifia kwenye barua yako nami nalitoa kwenye ushahidi: ule msalaba wa plastiki katikati unaotenganisha jozi. Cat6 nyingi nzuri zinao, lakini kiwango hakiulazimishi. Kuna Cat6 ya kweli isiyo na msalaba, na kuna CCA yenye msalaba mzuri, kwa sababu plastiki ni rahisi kuliko shaba.

Kichwa cha RJ45 kwenye picha yako kinaunga mkono habari ya unene. Waya wa 23AWG pamoja na plastiki yake una kama milimita 1, na ndiyo maana vichwa vya Cat6 vina matundu yaliyopangwa juu na chini, au kipande cha kupangia nyaya kabla ya kusukuma. Cha kwako ni cha Cat5e, matundu nane kwenye mstari mmoja, na nyaya zimeingia zikiwa na nafasi ya kucheza. Waya wa kweli wa 23AWG ungegoma kwenye kichwa hicho, au ungeingia kwa kusukumwa. Angalia pia vile visu vidogo vya dhahabu: vyenye meno mawili yaliyonyooka vimetengenezwa kuchoma waya wa nyuzi nyingi, na vyenye meno matatu yaliyopishana vinaukumbatia waya mzima mmoja. Boksi ni la waya mzima, kwa hiyo unahitaji vya pili. Kisu cha meno mawili kikitua kwenye alumini laini huigawa, na hewa yetu ya chumvi inamalizia kazi kwa kuijaza kutu nyeupe. Ndiyo mitandao inayofanya kazi miezi sita halafu ukigusa waya inarudi.

Kwa mnunuzi ambaye hajafungua boksi, mizani inatosha. Shaba peke yake katika mita 305 za 23AWG ina uzito wa kilo 5.7 hivi, na ukiongeza plastiki boksi linapita kilo 10. Waya za 24AWG zina shaba ya kilo 4.5 hivi. CCA ya unene huohuo ina madini ya kilo 1.7 tu. Muuza nafaka yeyote pale Kariakoo atakupimia. Boksi la "Cat6 23AWG" likisoma kilo 6 au 7, halihitaji kukatwa.

Boksi usilitupe. Kwa data peke yake, kutoka swichi hadi kompyuta iliyo mita 15 au 20, litafanya kazi, ilimradi halipitishi umeme. Kwa kamera ya getini dawa ni waya wa shaba. Ukitaka kamera iwake leo kabla hujanunua mwingine, tuma umeme wa volti 48 kutoka swichi ya PoE, ile inayopeleka umeme na data kwa waya mmoja, na uweke getini spilita inayoshusha 48 kuwa 12. Kwa volti 48, wati zilezile 6 zinahitaji ampea 0.13 tu, na unapoteza volti 1 badala ya kuporomoka. Hapo utaelewa pia kwa nini jirani mwenye CCA hana malalamiko: mfumo wake wa volti 48 unamfichia. Usiitegemee kwa kamera kubwa zinazozunguka, ambazo zinavuta wati 20 na zaidi.

Kuhusu HDMI, uongo ni wa aina nyingine, maana hapa madini si mtuhumiwa wa kwanza. Mtuhumiwa ni urefu. Picha ya 1080p ya fremu 60 inahitaji gigabiti 4.5 kwa sekunde, 4K ya fremu 30 inahitaji 8.9, 4K ya fremu 60 inahitaji 17.8, na daraja la 8K limepangiwa 48. Waya wa shaba usio na kifaa cha kukuza mawimbi hauwezi kubeba hizo 48 mbali zaidi ya mita 5 hivi. Mita 15 za shaba tupu zilizoandikwa 8K zimejikana zenyewe, hata zikiwa za shaba safi kuliko zote duniani. Umbali huo kwa 4K ya fremu 60 kwa kawaida unataka waya wa nyuzi za mwanga, ambao ncha zake zimeandikwa `SOURCE` na `DISPLAY` na haukubali kugeuzwa.

Ganda lako linasema `HDMI 2.1 8K ULTRA HD` na baadaye `AWM STYLE 20276 80°C 30V VW-1`. Namba ya toleo, 2.0 au 2.1, hairuhusiwi kutumika kuitambulisha kebo. Kebo zina majina ya madaraja: High Speed, Premium High Speed ya gigabiti 18, na Ultra High Speed ya 48. "Ultra HD" imechaguliwa ifanane na "Ultra High Speed", na haimaanishi chochote kwa waya. Ya kweli ina jina kamili la daraja kwenye ganda, na kwenye paketi ina stika yenye msimbo wa QR unaosomwa kwa programu rasmi ya HDMI. Hiyo AWM 20276 inayompa waya sura ya kitaalamu inahusu plastiki na nyaya kustahimili joto la nyuzi 80, volti 30 na moto. Utaikuta hata kwenye kebo za kawaida kabisa, na haisemi neno kuhusu kasi.

Kwenye kichwa chake dhahabu isikushughulishe. Mulika tochi ya simu ndani uhesabu miguu: 10 upande mpana, 9 upande mwembamba. Wa 14 ukikosekana, kwenye kebo za bei ya chini huwa unarukwa, sauti ya kurudi kutoka TV kwenda spika kwa ARC haitakuja. Miguu yote ikiwepo haimaanishi kila mmoja umeunganishwa na waya nyuma, lakini usipokuwepo jibu umelipata.

Ukiamua kuikata hiyo HDMI, usije ukaihukumu kwa rangi kama ulivyofundishwa hapo juu. Nyaya za ndani mara nyingi ni shaba iliyopakwa bati, nyeupe nje na nyekundu ukikwaruza, yaani kinyume cha CCA. Tafuta jozi nne, kila moja ikiwa imefungwa karatasi yake ya foili. Ikiwa foili ni moja tu imezungushwa kwenye nyaya zote, umejua kwa nini 4K inakataa. Lakini usiikate kabla ya kujaribu kushusha picha hadi 4K ya fremu 30, kisha 1080p. Nukta nyeupe zinazomwekamweka zikitoweka kwa 1080p, una kebo nzuri ya kutazamia mpira.

Ukirudi dukani nenda na vitu vitatu: risiti, picha ya ncha iliyosuguliwa ikiwa pembeni ya shaba ya umeme, na kipande cha ganda chenye neno 23AWG kikisomeka wazi. Mwombe muuzaji akwaruze mwenyewe kwa kisu chake mbele yako. Akikataa kurudisha, bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, na hapo kipande cha ganda ndicho kitakachoulizwa kwanza, kwa hiyo usikitumie kufungia kitu.